Ofa ya mwaka wa kwanza au bei isiyobadilika: ulinganisho wa miaka minne kwa mwenye tovuti Uganda

Dada mmoja wa Arua anafunga asali ya West Nile kwenye chupa na kuiuza hadi Kampala. Mwaka jana alifungua tovuti kwa shilingi 209,000, domeni ya .com, yaani jina la tovuti, ikiwa bure ndani yake. Mwaka huu ankara imefika: shilingi 663,000. Tovuti ni ileile, chupa zilizopigwa picha ni zilezile. Akampigia kaka yake aliye Bombo.

"Kaka, wamenizidishia mara tatu. Wamekosea?"

"Hawakukosea, dada. Ulilipa bei ya kukaribishwa. Hii ndiyo bei yao."

Kaka alisema kweli. Kilichobaki ni kujua dada angechagua nini tangu mwanzo, na achague nini sasa. Nitalinganisha njia nne. Bei ni za mfano, nimezipanga zifanane na zinazoonekana sokoni. Dola moja nimeihesabu kwa shilingi 3,700, na kila bei ya dola nimeiongezea VAT ya asilimia 18, kwa sababu kampuni nyingi za nje huiweka mwishoni kabisa, ukurasa wa kulipia, ukiwa umeshakubali moyoni.

Njia ya kwanza ni ile ya dada: kifurushi cha kampuni ya nje kinacholipiwa mwaka mmoja mmoja. Mwaka wa kwanza nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ni dola 3.99 kwa mwezi na domeni ni bure. Mwaka wa pili nafasi inapanda hadi dola 10.99 kwa mwezi, na domeni inaanza kulipiwa dola 19.99 kwa mwaka.

Njia ya pili ni kifurushi hichohicho, ila unalipa miezi 36 kwa mkupuo ili upate dola 2.99 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Domeni bado ni bure mwaka wa kwanza tu.

Njia ya tatu ni hosti wa Kampala, yaani muuzaji wa nafasi kwenye seva, mwenye bei moja kila mwaka: shilingi 180,000 kwa nafasi na 60,000 kwa domeni ya .com, kodi ikiwa ndani.

Njia ya nne ni kutenganisha. Nafasi inabaki kwa hosti wa Kampala kwa 180,000, na domeni inawekwa kwa msajili, yaani muuzaji wa domeni, anayeuza kwa bei ya jumla. Cloudflare ni mmoja wao. Verisign, kampuni inayoendesha rejista ya .com, imekuwa ikiwatoza wasajili dola 10.26 kwa mwaka tangu Septemba 1, 2024, na juu yake kuna ada ndogo ya senti 20 ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani. Cloudflare haiongezi faida juu ya hapo, kwa hiyo unalipa dola 10.46, karibu shilingi 45,700 pamoja na kodi.

| Njia | Mwaka wa 1 | Mwaka wa 2 | Jumla miaka 3 | Jumla miaka 4 |
|---|---|---|---|---|
| 1. Ofa ya mwaka mmoja | 209,000 | 663,000 | 1,535,000 | 2,198,000 |
| 2. Ofa ya miezi 36 | 470,000 | 87,000 | 645,000 | 1,308,000 |
| 3. Hosti wa Kampala | 240,000 | 240,000 | 720,000 | 960,000 |
| 4. Kutenganisha | 226,000 | 226,000 | 677,000 | 903,000 |

Ukiangalia safu ya mwaka wa kwanza peke yake, njia ya kwanza inashinda. Hapo ndipo watu wengi wanaponunulia. Lakini tofauti yake na bei ya Kampala ni shilingi 31,000 tu, na mwaka wa pili peke yake unaimeza mara kadhaa. Kwa maoni yangu njia ya kwanza haimfai mtu yeyote anayekusudia tovuti yake iishi zaidi ya miezi 12. Inamfaa mwenye shughuli ya muda, mfano harusi au kongamano, ambaye atazima tovuti kabla ya siku ya kulipia upya.

Njia ya pili inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu kwa miaka mitatu kweli ndiyo ya chini kuliko zote. Ukiwa na shilingi 470,000 mkononi leo na ukawa na hakika kwamba utahama kabla ya mwezi wa 36 kuisha, unapata nafuu halali. Ugumu uko kwenye masharti hayo mawili. Fedha zote zinatoka siku ya kwanza, na dhamana ya kurudishiwa fedha kwa kawaida ni ya siku 30. Tovuti ikianza kuwa nzito mwezi wa tano huna pa kwenda bila kupoteza ulicholipa. Halafu mwaka wa nne unakukuta na bei kamili, ndiyo maana jumla inaruka kutoka 645,000 hadi 1,308,000. Unaweza kuipunguza zaidi kwa kuhamisha domeni mwishoni mwa mwaka wa kwanza na kuacha nafasi pale ilipo. Kati ya dola 19.99 na 10.46 kila mwaka, kazi ya jioni moja inajilipa yenyewe.

Kati ya njia ya tatu na ya nne, tofauti ya fedha ni ndogo: shilingi 57,000 kwa miaka minne. Sababu ya kuchagua ya nne si hiyo 57,000. Ni kwamba jina na nyumba vikikaa kwa watu wawili tofauti, hakuna mmoja anayeweza kukupandishia vyote kwa pamoja. Hosti akipandisha, unachukua tovuti yako na kuielekeza domeni kwingine siku hiyohiyo, bila kumwomba ruhusa. Gharama yake ni kwamba unahitaji kadi inayolipa kwa dola na mtu asiyeogopa kuhariri rekodi za DNS, zile zinazoielekeza domeni kwenye tovuti na barua pepe zake. Ukisajili Cloudflare unalazimika pia kutumia nameserver zao, yaani seva zinazotunza rekodi hizo, kwa hiyo rekodi za barua pepe za hosti wako utazijaza kwa mkono. Asiye na kadi wala mtu wa kumsaidia abaki na njia ya tatu, alipe kwa MTN MoMo au Airtel Money, na hatakuwa amepoteza kitu kikubwa.

Ila hosti wa Kampala naye aulizwe maswali kabla ya kulipwa. Bei ya mwaka wa pili ni ileile? VAT iko ndani? Domeni itaandikwa kwa jina la nani na barua pepe ya nani? Hilo la mwisho ndilo zito. Hosti wengi wadogo ni wauzaji wa rejareja wa msajili mkubwa wa nje, na baadhi husajili domeni zote za wateja kwa barua pepe yao wenyewe. Hapo huna domeni, anayo yeye. Fungua lookup.icann.org, andika domeni yako, utaona msajili halisi kwenye sehemu ya Registrar Information na siku ya mwisho kwenye mstari wa Registry Expiration. Jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa kwa ajili ya faragha, kwa hiyo lithibitishe ndani ya akaunti yako. Kama huna akaunti, na ankara tu ndizo zinazokufikia kwa WhatsApp, uliza leo.

Kuna tofauti moja ambayo wengi hawaifahamu, nayo inaeleza kwa nini bei ya nafasi hupanda kwa ukali kuliko bei ya domeni. Domeni za .com na ndugu zake ziko chini ya kanuni za ICANN. Msajili anatakiwa kuonyesha ada ya kuhuisha kwenye tovuti yake, na anatakiwa kukukumbusha takriban mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, tena takriban wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Lazima pia akuruhusu kuhamia kwa msajili mwingine. Nafasi kwenye seva haina msimamizi wa namna hiyo. Ina mkataba tu, ule mrefu unaowekewa alama ya kukubali, na ndani yake mara nyingi kuna mstari unaosema utahuishiwa kwa bei ya kawaida itakayokuwapo siku hiyo.

Kwa hiyo bei ya pili ya nafasi uitafute mwenyewe kabla ya kulipa. Iko kwenye ukurasa wa kapu, chini ya bei kubwa, kwa herufi ndogo za kijivu: Renews at $10.99/mo. Badilisha muda kutoka miezi 48 kwenda 12 uone bei inavyocheza. Angalia pia barua pepe, kwa maana kampuni kadhaa hutoa visanduku vya barua bure mwaka wa kwanza, kisha hutoza kila kisanduku. Dada wa Arua ana viwili tu. Shule yenye walimu 40 ni habari nyingine kabisa.

Kuhusu aina ya domeni nitasema machache. Rejista ya .com imefungwa na mkataba: katika kila kipindi cha miaka sita inaweza kupandisha bei miaka minne ya mwisho tu, kwa asilimia zisizozidi 7 kwa mwaka. Domeni mpya kama .online, .store na .shop hazina dari hiyo, na ndizo zinazouzwa dola moja au mbili mwaka wa kwanza kisha kulipiwa upya kwa bei inayopita .com mara mbili au tatu. Rejista inatakiwa kuwapa wasajili taarifa ya siku 180 kabla ya kupandisha bei ya kuhuisha, na domeni inaweza kulipiwa mbele hadi jumla ya miaka 10, kwa hiyo mwenye domeni hizo akisikia bei inapanda bado ana nafasi ya kufunga bei ya zamani. Na .co.ug je? Hiyo haiko chini ya kanuni hizo za ICANN. Rejista yake iko Kampala, kwenye registry.co.ug, na inalipiwa bila kadi ya dola. Kwa biashara ambayo wateja wake wote wako Uganda naipendelea. Anayetaka kuuza nje ya mipaka achukue .com.

Sasa turudi kwa dada, maana yeye hayuko kwenye kununua, ankara imeshafika. Tuseme muda wake unaisha Agosti 14 na ujumbe umeingia Julai 14. Ana mwezi mmoja, na mwezi unatosha kama hatua zitafuatana vizuri.

La kwanza, siku hiyohiyo, ni kuzima auto-renew, yaani kulipa kwenyewe bila kuulizwa, ndani ya akaunti, kwa nafasi na kwa domeni, kila kimoja mahali pake. Kampuni nyingi hukata fedha za nafasi siku 15 au hata mwezi mzima kabla ya tarehe. Akingoja Agosti, kadi yake inaweza kuwa imeshatozwa 663,000, na kurudishiwa malipo ya kuhuisha ni kugumu kuliko kurudishiwa ya mara ya kwanza.

Kabla ya kuhama, anaweza kujaribu kitu kimoja cha dakika kumi. Akibonyeza kusitisha huduma au akiwaandikia kwamba anaondoka, kampuni nyingi humrudishia punguzo. Wakimpa, aombe kwa maandishi: ni bei gani, kwa miezi mingapi, na inayofuata itakuwa ngapi. Kwa kawaida ni kusogeza tatizo mwaka mmoja mbele. Kama ana msimu wa asali mikononi na hana muda wa kuhamisha tovuti, kusogeza si vibaya.

Dada aliamua kuhama kwa njia ya nne. Alinunua nafasi Kampala Julai 16 huku ya zamani ikiwa bado hai. Hosti wa zamani alikuwa na cPanel, paneli ya kuendeshea tovuti, kwa hiyo alipakua nakala kamili kwa Full Backup, akaipeleka kwa hosti mpya, nao wakaifungua upande wao. Kama kampuni ina paneli yake yenyewe isiyo cPanel, inabidi kuchukua mafaili peke yake na kutoa hifadhidata kwa phpMyAdmin. Na kama tovuti ilijengwa kwa kijenzi cha kuburuta na kudondosha cha kampuni hiyo, kwa kawaida haihamishiki. Maandishi na picha utavichukua, ila kurasa utazijenga upya. Hiki ndicho kifungo halisi cha ofa nyingi za bei nafuu, kuliko hata bei yenyewe. Tovuti ya WordPress inahama. Ya kijenzi cha hosti inabaki. Dada alikuwa na WordPress.

Hatua iliyofuata ni ile ambayo watu huikosea mpangilio. Nameserver zinabadilishwa kwanza, domeni inahamishwa baadaye. Domeni ikiondoka kwa msajili wa zamani huku ikiwa bado inategemea nameserver zake, anaweza kuzizima, na tovuti pamoja na barua pepe vikapotea hewani. Kwa hiyo aliiongeza domeni kwenye akaunti yake ya Cloudflare, akanakili rekodi zote, za barua pepe zikiwamo, ndipo akabadilisha nameserver kwa msajili wa zamani Julai 20. Mabadiliko hayo huchukua saa chache, pengine siku moja au mbili kuenea kote. Ukaguzi wake ni huu, unaochapwa kwenye terminal ya kompyuta, domeni yako ikikaa mahali pa mfano.com:

```
dig NS mfano.com +short
dig MX mfano.com +short
```

Mstari wa kwanza unapaswa kuonyesha nameserver mpya, na wa pili seva ya barua ya hosti mpya. Mstari wa MX ukirudi mtupu, wateja wakituma oda huenda zisifike, hata kama tovuti inafunguka vizuri. Jitumie barua kutoka akaunti nyingine, ujibu, uone zimefika pande zote mbili.

Julai 25 alifungua kufuli la domeni, lile linaloonekana kama clientTransferProhibited, akaomba msimbo wa kuhamisha. Msajili hapaswi kukuzungusha. Ana siku 5 za kukupa. Akalipa dola 10.46 kwa msajili mpya, akaingiza msimbo. Uhamisho wenyewe huchukua hadi siku 5, na ulikamilika kabla Julai haijaisha. Fedha hizo zinaongeza mwaka mmoja juu ya muda uliopo, kwa hiyo domeni yake sasa inaisha Agosti 14 ya mwaka ujao. Hakupoteza hata wiki moja kwa kuhama mapema.

Mambo mawili yangeweza kumkwamisha. La kwanza ni kufuli la siku 60: domeni iliyosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita haihami, na kubadilisha jina au barua pepe ya mmiliki kunaweza kuwasha kufuli kama hilo. Kwa hiyo ukiona barua pepe ya mmiliki ni ya zamani lakini bado unaifungua, iache ilivyo, hamisha kwanza, rekebisha baadaye. La pili ni kuchelewa. Baada ya tarehe ya mwisho wasajili wengi hutoa siku kadhaa za rehema ambapo bado unaweza kulipa bei ya kawaida, ingawa tovuti inaweza kuwa imeshazimwa. Zikiisha, domeni inaingia kwenye siku 30 za ukombozi. Humo huwezi kuihamisha, na ada ya kuirudisha mara nyingi ni dola 80 au zaidi, juu ya bei ya kuhuisha. Baada ya hapo ni siku 5 za kusubiri kufutwa, ambazo hakuna malipo yanayoziokoa, kisha yeyote anaweza kuichukua. Kadi ya mtandaoni isiyo na salio imewafikisha watu hapo bila wao kujua, maana kulipa kwenyewe hushindwa na ujumbe wa kushindwa huenda kwenye sanduku ambalo halifunguliwi.

Dada aliiacha nafasi ya zamani hai hadi Agosti 10 ili barua zilizochelewa njiani ziingie, akazivuta kwa programu ya barua ya IMAP hadi kwenye sanduku jipya, kisha akaisitisha. Mwaka huu ametoa shilingi 226,000. Kaka yake amemwekea kikumbusho kwenye simu cha Julai 1 kila mwaka: afungue ankara mbili, ya Kampala na ya domeni, na alinganishe na za mwaka uliotangulia kabla ya kulipa yoyote.